Kazi za maabara, famasi na afya ya jamii zinatangazwa wapi?

"Mdogo wangu ana diploma ya maabara. Kila nikitafuta kazi za afya naona za manesi tu, hizi nyingine zinatangazwa wapi?"

Mkuu, za serikali ziko humohumo zilimo za manesi: portal.ajira.go.tz ya Sekretarieti ya Ajira. Tatizo ni kwamba tangazo la "MDAs & LGAs", yaani la wizara, taasisi na halmashauri, hubeba kada nyingi kwa mpigo na wengi huishia ukurasa wa kwanza. Pakua PDF, shuka hadi umkute Mteknolojia Daraja la II, kisha uangalie ni wa Maabara au wa Dawa. Mwenye cheti huitwa Mteknolojia Msaidizi.

Asisubiri tangazo ndipo afungue akaunti. Aingize namba ya NIDA na vyeti mapema, na kwenye anuani aweke mkoa anaoishi sasa, maana usaili wa mchujo mara nyingi hupangwa kwa mkoa huo. Ukiwa Singida na akaunti inasema Mtwara, nauli ni juu yako.

Watu wa maabara huangukia zaidi kwenye leseni. Cheti cha usajili cha Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya ni kitu kimoja, leseni hai ya kufanya kazi ni kingine, na tangazo likitaka vyote viwili, pandisha vyote viwili. Wa famasi wanakwenda Baraza la Famasi. Matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Jina likitofautiana kati ya cheti cha form four na cha chuo, aambatishe kiapo au hati ya kubadili jina. Barua ya maombi nayo isainiwe. Hiyo husahaulika kuliko unavyodhani.

Nje ya portal, Mkapa Foundation na Ifakara Health Institute hutangaza kazi za mkataba kwenye tovuti zao. Baadhi ya hospitali za makanisa hubandika tangazo kwenye ubao wao tu, kwa hiyo hapo ni kufika mwenyewe na bahasha. Maduka ya dawa ndiyo kabisa, mara nyingi hayatangazi: mwenye duka huulizia kwa wauzaji wa jumla na kwa wafamasia anaowafahamu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana njia yake. Nafasi hutangazwa na halmashauri, kwenye tovuti yake na kwenye ofisi za kata, vijiji na mitaa, na anayeomba awe mkazi wa eneo hilo. Diploma ya maabara haimsaidii sana huko.

Akishafanya usaili wa mahojiano akafaulu lakini nafasi zikajaa, jina linabaki kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kituo bila tangazo jipya. Asibadilishe namba ya simu bila kuirekebisha kwenye akaunti, na orodha za "kuitwa kazini" azifungue hata kama hajaomba chochote karibuni.