Kocha wa mazoezi aandike nini kuhusu vyeti vyake na matokeo ya wateja

*"Wakuu, nafundisha mazoezi kwenye jimu moja hapa Dodoma. Bosi anataka kila kocha aandike maelezo yake yabandikwe mapokezi na kwenye Instagram. Nina cheti cha ukocha nilichosomea mtandaoni, cheti cha huduma ya kwanza na vyeti viwili vya semina. Wateja wangu wamepungua, na kuna mama mmoja sukari imeshuka mpaka daktari kampunguzia dawa. Wenzangu wanaandika 'kilo 10 kwa mwezi' na 'tunatibu presha'. Niandikeje nivutie watu bila kudanganya?"*

Mkuu, na mimi nafundisha hapahapa Dodoma. Wateja wangu wengi ni watumishi waliohamia na serikali, watu wa kukaa kwenye kiti kutwa nzima kule Mtumba. Kabla hawajatoa hela huwa wanauliza mambo mawili: umesomea wapi, na umeshamsaidia nani. Yajibu hayo mawili kwa namna ambayo mtu akitaka kuhakiki ataweza, basi.

Kuandika vyeti si kazi kubwa. Taja jina kamili la cheti, shirika lililokitoa, mwaka uliofaulu na mwaka kinapoisha. Hilo la kuisha wengi wanaliruka. Vyeti vya ukocha vya mashirika kama ACE na NASM vinahuishwa kila baada ya miaka miwili kwa kuonyesha masomo ya nyongeza uliyofanya, na cha huduma ya kwanza nacho kina muda wake. Kama chako kimeisha, andika mwaka ulioanzia na ulioishia, au kiondoe mpaka ukihuishe. Semina zako mbili ziandike kama semina: "nimehudhuria semina ya siku mbili kuhusu mazoezi ya mgongo". Kuhudhuria na kufaulu mtihani ni vitu viwili, na ukivipanga mstari mmoja msomaji atadhani una vyeti vitatu vya ukocha. Usiandike "kocha wa kimataifa" kwa sababu tu shirika liko Marekani. Na kama hukusomea lishe, usijiite mtaalamu wa lishe. Cheti cha ukocha kinakuruhusu kuzungumzia chakula kwa ujumla. Mpango wa kula wa mtu mwenye maradhi ni kazi ya afisa lishe na daktari wake.

Penye kazi ni kwenye matokeo. Nikupe mfano wa mteja wangu mmoja tuliyefanya naye kazi wiki 12. Alianza na kilo 92.3 akamaliza na 88.1. Kiuno kilitoka sentimita 106 kikafika 100. Siku ya kwanza nilimkalisha kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, nikamwambia asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Alifika 11. Wiki ya 12 alifika 17. Tulipanga vipindi 36, akahudhuria 27.

Sasa angalia uongo unavyozaliwa hapo bila mtu kukusudia. Wiki ya kwanza peke yake alipungua kilo 1.8. Ningekuwa na haraka ya tangazo ningeandika "karibu kilo 2 kwa wiki", na msomaji angepiga hesabu yake: wiki 12, kilo 24. Lakini sehemu kubwa ya kinachotoka wiki ya kwanza ni maji. Mtu akipunguza ugali, chapati na soda, mwili unatumia wanga uliokuwa umeuhifadhi kwenye misuli na ini, na wanga huo unakaa pamoja na maji mengi kuliko uzito wake wenyewe. Chumvi ikipungua, maji mengine yanatoka. Wiki 11 zilizofuata alipungua kilo 2.4 tu. Kwa hiyo ninachoandika ni kilo 4.2 kwa wiki 12, na kasi ya wiki ya kwanza siigusi.

Namna ya kupima nayo iandike, hata kwa sentensi moja, maana namba isiyo na kipimo haina thamani. Mimi nawapima asubuhi kabla ya chai, mizani ileile, nguo nyepesi, viatu nje. Mtu huyohuyo akipimwa asubuhi halafu jioni baada ya kula na kunywa maji, tofauti ya kilo moja au zaidi ni kawaida kabisa. Kiuno napima kwa futi kamba katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi ikiwa imelala sawa pande zote, mteja akiwa ametoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Napima mara mbili; zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja narudia. Ile mizani ya umeme inayosoma asilimia ya mafuta siiweki kwenye maelezo. Inakadiria kwa kupitisha umeme kidogo mwilini, na maji uliyokunywa au jasho lililokutoka yanatosha kuibadilisha.

Halafu eleza na kingine kilichokuwa kikiendelea. Huyu mteja aliacha soda na alikuwa akitembea kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani. Siwezi kusema kilo zote 4.2 ni kazi ya mazoezi yangu. Naandika "mazoezi pamoja na mabadiliko ya chakula", kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo lingine ambalo nalitilia mkazo sana. Ukiandika mteja mmoja aliyefanikiwa, msomaji anadhani wote wako hivyo. Kundi la asubuhi la huyo mteja lilianza na watu 14, wakamaliza 9. Kati ya hao 9, 6 walipungua uzito, 2 walibaki palepale, na 1 aliongezeka kilo moja ingawa alikuwa ananyanyua mzigo mzito zaidi kuliko alipoanza. Ukiyaandika yote hayo hupotezi wateja. Mtu mzima mwenye akili akiona 9 kati ya 14 anakuuliza wale watano walienda wapi. Mwambie: wawili walihamishwa kikazi, watatu waliacha na sijui sababu. Daftari unalo, mfungulie aone, ila ufiche majina.

Huyo mama wa sukari, usimwandike kabisa. Najua ni habari njema na una haki ya kuifurahia. Lakini dawa alipunguziwa na daktari wake kwa vipimo vyake, na wewe hukuwepo. Kile kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya dakika ile tu, na baada ya mazoezi inaweza kuwa chini kwa saa kadhaa halafu ikapanda tena. Daktari anaangalia kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Hivyo hata ukiwa na namba za kipimo cha kidole, hazithibitishi kwamba mtu amepona.

Hofu yangu kubwa ni huyo atakayesoma. Chukulia mtu anatumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, anaona pale mapokezi "sukari ilishuka kwa mazoezi yetu". Anakuja, anafanya mazoezi makali hajala, dawa kameza. Mazoezi yanashusha sukari na dawa inashusha sukari, kwa pamoja zinaweza kumwangusha: anatetemeka, jasho baridi linamtoka, anaanza kuongea yasiyoeleweka. Kama bado anaweza kumeza, mpe glasi ndogo ya soda ya kawaida au juisi yenye sukari, mpime tena baada ya kama dakika 15, na asirudi kwenye mazoezi siku hiyo. Akishindwa kumeza au akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Yuko na mwingine ambaye atasoma tangazo hilo akaacha dawa kimyakimya nyumbani kwake, na huyo hutamwona.

Kwa hiyo maneno "tunatibu", "tunaponya", "utaachana na dawa" yasiwepo. Weka sentensi inayosema unachofanya: kabla ya kuanza, kila mteja anajaza dodoso la afya, na mwenye presha, kisukari, tatizo la moyo au ujauzito analeta kwanza ushauri wa daktari wake. Mtu mwenye presha akisoma hivyo anajua anakaribishwa na anajua utaratibu.

Picha za kabla na baada mimi situmii. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, akisimama kalegeza tumbo chini ya taa ya juu, halafu akavuta pumzi na kugeuka kidogo kwenye mwanga wa dirisha, utadhani kapungua. Bosi akilazimisha, basi iwe sehemu ileile, mwanga uleule, nguo zilezile, na tarehe ziandikwe. Ridhaa ya mteja iwe ya maandishi, ikieleza picha itawekwa wapi na kwamba akibadili mawazo itaondolewa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuficha jina peke yake hakutoshi hapa kwetu. Ukiandika "mama wa wizara fulani anayeishi Ilazo", ofisi nzima imeshamjua.

Kwa ulichonacho, maelezo yangeweza kukaa hivi, wewe jaza pa kwako:

"Nafundisha mazoezi ya nguvu na ya pumzi kwa watu wazima wanaoanza. Nina cheti cha ukocha binafsi cha [shirika], nilichofaulu mwaka [ ], kinaisha [ ]. Nina cheti cha huduma ya kwanza, kinaisha [ ]. Nimehudhuria semina mbili: [ ] na [ ]. Katika kundi langu la mwisho la wiki 12 walianza watu [ ], wakamaliza [ ]. Kati yao [ ] walipungua uzito, kati ya kilo [ ] na [ ], kwa mazoezi pamoja na mabadiliko ya chakula. Wengine uzito haukubadilika. Tunapima kila wiki ya nne, asubuhi, kwa mizani ileile. Matokeo yako yanaweza kuwa tofauti na haya. Sitibu maradhi wala sibadilishi dawa. Mwenye hali ya kiafya alete ushauri wa daktari kabla ya kipindi cha kwanza."

Hapo kwenye kilo weka aliyepungua kidogo kabisa na aliyepungua zaidi, kama ni 0.8 na 5.1 ziandike hivyohivyo. Chini kabisa weka mwezi na mwaka ulioandika, na kundi jipya likimaliza ubadilishe namba zote, hata kama za safari hii ni ndogo kuliko zilizopita.