"Mkono Huu wa Nani?" Kumtoa Mzima Mtu Aliyeingia Nusu Kwenye Picha

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya mdogo wake pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, yule jamaa wa pembeni nimeshamkata, lakini picha bado ina kitu. Sijui ni nini." Nikaifungua. Sikuhitaji hata kuivuta karibu. Kwenye kona ya chini kulia lilikuwepo goti. Kichwa cha yule jamaa kimeondoka, bega limeondoka, kiwiko kimeondoka, goti limebaki peke yake linachungulia.

Nilimjibu siku ileile, lakini jibu lilikuwa refu kiasi kwamba nimeona niliandike hapa. Nina sababu ya kulijali jambo hili. Liliwahi kunipata, na mpaka leo nikilikumbuka moyo unauma.

Nilipiga picha ya mahafali. Binti kavaa joho na kofia, mama yake kasimama kushoto kwake kamshika mkono, wote wawili wanacheka kicheko cha kweli. Picha ya aina ile huipati mara mbili. Tatizo lilikuwa upande wa kulia: mgeni mmoja alikuwa anapita, akaingia nusu. Nikasema si kitu, nitamkata nyumbani. Nikamkata, nikachapa kwa sentimita 60 kwa 40, nikaipeleka ikiwa ndani ya fremu, nikaondoka kifua mbele.

Baada ya siku chache mama akanipigia simu. "Mwanangu, picha ni nzuri sana, Mungu akubariki. Ila mkono huu wa nani?"

"Mkono upi, mama?"

"Njoo uuone mwenyewe."

Nikaenda. Usawa wa nyonga ya binti, ukingoni kabisa, vilikuwepo vidole viwili. Hakuna kiganja wala mkono, vidole tu, kama vinataka kulivuta joho. Halafu nikaona kwamba kwenye kona ya chini ya fremu mama alikuwa amechomeka ua la plastiki. Nikalisogeza. Nyuma yake ilikuwepo ncha ya kiatu cheusi, karibu sentimita mbili. Yule mama aliamua kuniuliza kuhusu vidole, kiatu akakificha mwenyewe ili asinifedheheshe zaidi. Lile ua liliniuma kuliko simu yake.

Niliporudi nyumbani nilifungua faili halisi nikapima nilipokosea. Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo nifuate polepole.

Picha ilikuwa na upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000. Nikihesabu kutoka ukingo wa kulia, bega la yule mgeni liliishia pikseli 650 ndani ya picha. Mimi nilikata 700. Kwa hiyo nilipotazama juu, alipokuwa kichwa na bega, palikuwa safi, nikaridhika. Lakini vidole vyake vilifika pikseli 790, na ncha ya kiatu ilifika 860. Mtu anayetembea hasimami wima kama nguzo. Juu ni mwembamba, katikati mkono unabembea mbele, na chini mguu unakuwa umeshatangulia. Ukimkata kwa kufuata bega, ujue umekata sehemu iliyoingia kidogo kuliko zote.

Kwa hiyo usianze kwa kutazama uso wa mtu unayetaka kumtoa. Uso ndio unaotuvuta macho, nao ndio unaotudanganya. Anza chini. Tafuta kiatu, kisha panda kwenye goti, kisha mkono, kisha pindo la nguo kama limepeperuka, kisha kivuli chake sakafuni. Tafuta ncha iliyoingia ndani kuliko zote, na mstari wako wa kukata upite ndani zaidi ya ncha hiyo, ukiacha nafasi kidogo. Kwa picha yangu ncha hiyo ilikuwa kiatu, pikseli 860. Nikiongeza 40 za usalama napata 900.

Mbona sikuviona vile vidole kwenye skrini? Kwa sababu nilikuwa natazama picha nzima kwa mkupuo. Picha yenye upana wa pikseli 5300, ikionyeshwa kwa asilimia 25, inabana kila pikseli nne za upana kuwa moja. Vidole vilivyobaki vilikuwa na upana wa pikseli 90, kwenye skrini vikawa kama 22 tu, tena pembeni, huku macho yangu yakiwa kwenye kicheko cha mama. Kwenye karatasi ya sentimita 60 pikseli 90 ni sentimita nzima. Ukutani, sentimita moja ya vidole vya mtu asiyejulikana inaonekana hata na mgeni aliyekaa kochi la mbali.

Sasa siruhusu picha itoke mkononi mwangu kabla sijaivuta mpaka asilimia 100 na kuutembea ukingo wake wote. Naanzia kona ya juu kushoto, nakwenda kulia, nashuka, narudi kushoto, napanda mpaka nilikoanzia. Natazama ukingo tu, wahusika siwatazami kabisa. Inachukua dakika moja. Ni dakika ambayo nilimnyima yule mama, na sitaki nawe umnyime mtu.

Turudi kwenye zile 900, maana kukata si kutoa tu. Ukitoa 900 upande wa kulia unabaki na 5100 kwa 4000. Ukitaka kubaki na uwiano uleule wa 3:2 ili ichapwe kwa 60 kwa 40, kimo lazima kishuke mpaka 3400, yaani upoteze 600 juu au chini. Juu ya kofia ya binti nilikuwa na nafasi ya 700, chini ya viatu vyake 250. Ukizitoa zote 600 juu, kofia inakaribia kugonga dari ya picha. Ukizitoa zote chini, unawakata mama na binti kwenye vifundo vya miguu, na hapo umemtoa mgeni halafu ukawajeruhi wenyeji. Mahali pabaya pa kumkata mtu ni kwenye viungo: kifundo, goti, kiwiko, kifundo cha mkono. Ukilazimika kumkata mhusika, kata katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu, pale ambapo jicho linaweza kujimalizia.

Nilichofanya mara ya pili ni kubadilisha uwiano. Nilichagua 5:4, ambayo kwa kimo cha 4000 inataka upana wa 5000, basi. Kimo hakiguswi hata kidogo. Nikawa na 1000 za kutoa. Nilijaribu kuzitoa zote upande wa kulia, nikagundua kiwiko cha binti kiko pikseli 1010 kutoka ukingo ule. Kingebaki kimeugusa ukingo kabisa, na kiwiko kinachogusa ukingo kinasumbua karibu sawa na vidole vya mgeni. Nikatoa 900 kulia na 100 kushoto, ambako palikuwa na ukuta mtupu. Kiwiko kikapata pikseli 110 za kupumua. Nikachapa kwa 50 kwa 40, yaani pikseli 100 kwa kila sentimita, kali kabisa. Nikampelekea mama bila malipo, na nilitoa lile ua kwa mkono wangu mwenyewe.

Wengi wanang'ang'ania uwiano uliotoka kwenye kamera kama vile ni sheria. Ndugu zangu, uwiano ni wako. Uchague baada ya kujua mstari wa kumtoa mtu unapita wapi, kisha utafute karatasi na fremu ya kuufuata. Na kama picha imepinda, inyooshe kwanza. Kuinyoosha kunakula kona na kusogeza kila kitu, na vidole ulivyodhani umeviacha nje vinaweza kurudi ndani.

Lakini kuna mahali ambapo kukata hakutoshi, na ni vizuri upajue mapema kuliko kuhangaika usiku kucha. Kama mtu wa pembeni ameweka mkono begani kwa mhusika wako, au ameshika kiuno chake kwa nyuma, hakuna mstari wima utakaomtoa. Utamtoa yeye, vidole vitabaki begani kama vimeota pale. Hapo nina njia mbili tu. Ama nasogeza mstari mpaka ndani ya mhusika mwenyewe, nalikata bega lile lililoshikwa, picha inakuwa ya uso na kifua. Ama namwacha yule mtu abaki, lakini abaki na uso wake wote na sehemu kubwa ya mwili wake. Mtu aliyeingia kikamilifu ni mshiriki. Sikio na nusu ya shavu ni ajali. Kivuli nacho ni vivyo hivyo: kikikatiza miguuni pa mhusika, kumkata mwenye kivuli hakukifuti. Ila kivuli huwa nakivumilia, kwa sababu jicho linakubali kwamba kilitoka mahali fulani.

Jambo moja la kamera. Kamera nyingi za kioo, yaani DSLR, za bei ya chini zina kitundu cha kutazamia kinachoonyesha kama asilimia 95 tu ya kile kinachorekodiwa. Yaani ulipotazama, mgeni hakuwepo. Ulipofungua picha, mkono wake upo. Si macho yako. Tumia skrini ya nyuma inayoonyesha fremu nzima, au acha nafasi pembeni ukijua utaikata. Mimi siku ya mahafali ningerudi nyuma hatua moja tu, ningekuwa na pikseli za kuchezea pande zote.

Na sasa nirudi kwa msomaji wangu mwenye goti. Nilimwambia asogeze mstari pikseli chache ndani. Akajibu kwamba hawezi, kwa sababu mdogo wake sasa amebanana na ukingo wa pili. Nikamwambia basi rudi kwenye picha nzima uanze upya, ukate kidogo kushoto na zaidi kulia. Akaniambia picha nzima hana: alikata kwenye simu, akahifadhi juu ya ileile. Nililia naye. Kama unatumia Lightroom Classic huna shida hiyo, ukibonyeza R picha yote ipo palepale hata baada ya mwaka. Kwenye Photoshop, ukishabonyeza C, ondoa alama kwenye Delete Cropped Pixels na uihifadhi kama PSD, ili kilichokatwa kifichwe tu badala ya kufutwa. Kwenye simu tengeneza nakala kwanza, kisha kata nakala.

Nimemshauri aangalie kama aliwahi kuituma picha ile kwa mtu yeyote kabla ya kuikata. Jana usiku akaniandikia: shangazi yake anayo, nzima, na goti na mwenye goti wote wamo. Ameahidi kunitumia leo.