Kunyoa kinena bila vipele: wembe au mashine?

Saluni yangu iko Mwanjelwa, Mbeya, na kazi yangu ni nywele za kichwani. Lakini mwanamke akishakaa chini ya draya nusu saa huanza kuuliza mengine, na msimu wa baridi ukiingia, Juni na Julai, swali la vipele vya kinena huzidi: "Dada, kila nikinyoa huku chini natoka vipele. Ninunue wembe gani?" Huwa simtajii wembe. Wengi wanaoniuliza hawana shida ya aina ya wembe, wana nywele ambazo hazitaki wembe kabisa.

Nywele zetu za kinena ni nene na zimejikunja. Wembe unapozikata juu ya ngozi unaziachia ncha kali. Nywele iliyonyooka ikiota tena hutoka moja kwa moja, lakini iliyojikunja huinama, ile ncha inagusa ngozi ya pembeni, inaitoboa na kuzama. Mwili unaichukulia kama mwiba, unaishambulia, ndipo unapoona kipele chekundu au cheusi, mara nyingine chenye usaha juu. Nyembe za kisasa zenye makali mawili au matatu kwenye kichwa kimoja huzidisha tatizo. Kali la kwanza linauvuta unywele, linalofuata linaukata, kisha kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Jioni hiyo ukijipapasa ni laini, unafurahi. Siku mbili tatu baadaye unywele umeanza kukua ukiwa bado ndani, na njia ya kutokea haujaipata. Kuivuta sana ngozi wakati wa kunyoa huleta matokeo hayo hayo hata kama wembe ni wa kali moja.

Mashine ya kupunguzia haifiki chini hivyo. Inaacha kipande kifupi juu ya ngozi, na hicho kipande ndicho kinachoizuia ncha isizame. Hospitali nazo zina hoja inayofanana: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema mgonjwa asinyolewe kwa wembe kabla ya operesheni, na kama ni lazima nywele ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo ambayo jicho haliioni na vijidudu hupitia humo. Mwongozo wao wa uzazi wa mwaka 2018 nao haupendekezi kumnyoa kila mama anayekwenda kujifungua kwa njia ya kawaida. Nalitaja hili kwa sababu bado kuna mashangazi wanaomtisha mjamzito kwamba manesi watamsema asiponyoa, naye anainama na tumbo la miezi tisa kujinyoa sehemu asiyoiona.

Nimchukulie wifi yangu, ambaye amenipa ruhusa nimsimulie ilimradi nisimtaje jina. Anachuma chai Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa msimu tu. Kutwa anatembea kati ya michai akiwa na suruali ndani ya sketi, na juu yake plastiki imefungwa kiunoni. Jumamosi moja alinyoa kwa wembe wa kutupa, kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, haraka haraka kwa sababu bafu liko nje. Jumatatu akaanza kuwashwa. Jumatano vipele vilikuwa vimejipanga pande zote mbili, pale mpira wa chupi unapokatiza. Duka la dawa wakamwambia ni fangasi, wakampa krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja. Mwasho ukatulia siku chache, ukarudi. Ndipo aliponipigia: "Wifi, hii fangasi haisikii dawa."

Nilimwambia achukue kioo, akae penye mwanga, aangalie kitu kimoja: kila kipele kina unywele au doti nyeusi katikati? Akasema ndiyo, karibu vyote. Fangasi ya kinena haiji hivyo. Yenyewe huanzia kwenye mkunjo wa paja, inatambaa ikiwa doa pana, ukingo wake umeinuka na una magamba, na katikati mara nyingi panaonekana pamepoa kidogo. Vipele vya kunyoa vimetawanyika, kila kimoja kimeshikamana na unywele wake, na vinakaa pale wembe ulipopita. Steroidi ilimpa nafuu kwa sababu inatuliza uvimbe wowote, lakini ngozi ya kinena ni nyembamba, inanyonya dawa hiyo kwa wingi, na ukiipaka kwa wiki nyingi bila daktari inazidi kuwa nyembamba na kupata michirizi. Na kama kweli ungekuwa na fangasi, steroidi ingeificha huku inaenea.

Aliacha krimu, na aliacha kunyoa kabisa. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Jioni akawa anaweka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, dakika kumi hivi, na kazini akabadili chupi za kukatiza kwenye paja, akavaa za pamba zenye mguu mfupi. Wiki ya pili alinilalamikia kwamba mwasho umezidi. Hapo ndipo wengi hushindwa wakarudia wembe, ilhali ni nywele zinarefuka chini ya ngozi na bado hazijajinasua. Zikifika karibu sentimita moja, nyingi hujivuta zenyewe zikatoka. Baada ya takriban mwezi vipele vilikuwa vimelala. Palipoonekana unywele umefanya kitanzi juu ya ngozi, aliunyanyua ncha yake kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, bila kuung'oa. Kama kitanzi hakionekani, usichimbe. Kuchimba ndiko kunakoacha makovu.

Sasa anatumia mashine, na hapa nieleze ya kuchagua. Hutaki ile kubwa ya kinyozi. Tafuta ndogo ya betri au ya kuchaji, yenye kichwa chembamba na vichanio vyake vya kuchomeka. Kichanio cha namba moja, ambacho vinyozi wanakijua, kinaacha milimita 3, na kwa mtu mwenye nywele za kujikunja hapo panatosha: pasafi, jasho halishiki sana, na hakuna ncha inayochoma. Bila kichanio inaacha chini ya milimita moja. Unaweza kufanya hivyo kwenye mstari wa chupi, pale penye ngozi tambarare, lakini usiipeleke bila kichanio kwenye mashavu ya uke wala kwenye mikunjo, meno yake hubana ngozi laini na kuikata kabla hujashtuka. Nywele zikiwa ndefu sana zipunguze kwanza kwa mkasi mdogo, la sivyo mashine itazivuta. Nyoa zikiwa kavu, mguu mmoja juu ya stuli, kiganja kikiituliza ngozi bila kuivuta. Ukiona mashine imeanza kupata moto, izime ipoe. Ukimaliza piga brashi, futa meno kwa spiriti, weka tone la mafuta yake. Na ya shemeji yenu ya ndevu muachieni mwenyewe.

Najua wapo watakaosema wao lazima pawe laini. Sawa, basi tuongelee wembe, na kwa huku kwetu tuanze na baridi. Ukinyoa huku unatetemeka, mwili unasisimka, na kila tundu la unywele linainuka likawa kinundu. Wembe unapita juu ya vinundu hivyo unakata ncha zake. Ndiyo maana mtu wa Mbeya au Makete anaweza kunyoa kwa wembe ule ule anaoutumia akiwa Dar, Dar asipate kitu na huku akachubuka. Kwa hiyo oga kwanza kwa maji ya moto, nyoa mwishoni, na kama maji ya ndoo ni machache, bora ubakize ya kulowesha kitambaa na kukikandika kinenani dakika tatu hadi tano. Nywele ikishanywa maji ya uvuguvugu inalainika, wembe hauhitaji kukandamizwa.

Tumia wembe mkali wa kali moja, na povu la kutosha la sabuni laini isiyo na manukato au krimu ya kunyolea. Sabuni ya mche inakausha ngozi, na hewa yetu ya Julai ilishaikausha tayari. Fuata nywele zinakolala, si kinyume chake, na kumbuka kinenani hazilali upande mmoja: pale juu nyingi hushuka, pembeni huelekea ndani, kwa hiyo papasa kwanza ujue. Pitisha mara moja, suuza wembe, songa mbele. Madaktari wa ngozi hushauri wembe wa kutupa usivuke matumizi matano hadi saba. Mimi kwa nywele hizi nene nautupa mapema zaidi, na nikisikia tu unavuta, safari yake imeishia hapo. Usiuache bafuni kwenye unyevu. Usimwazime mtu, hata dada yako wa tumbo moja, kwa sababu homa ya ini ya B na VVU havihitaji damu ya kuonekana kwa macho ili kukaa kwenye wembe.

Ukishanyoa, suuza kwa maji, kausha kwa kubonyeza taulo na si kwa kusugua, paka mafuta kidogo yasiyo na harufu. Spiriti, ndimu na dawa za maji za kuulia vijidudu zinaunguza ngozi iliyochubuka na hazizuii nywele kuzama. Mimi huwaambia watu wanyoe usiku, walale na nguo iliyolegea, kwa maana asubuhi yake baridi itawalazimisha skintaiti chini ya jinzi, na msuguano huo peke yake unatosha kuwasha ngozi mbichi.

Vipo vipele ambavyo si vya kujitibia nyumbani. Malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja yanayouma na kupasuka kuwa vidonda, vipele vigumu vinavyong'aa vyenye kishimo katikati, jipu la moto linalokua, wekundu unaosambaa, au homa: nenda kituo cha afya, na usinyoe juu yake, maana wembe huvisambaza. Mwenye kisukari asisubiri hata jipu likomae.

Madoa meusi yanayobaki baada ya vipele kupona huchukua miezi kufifia, na kila kipele kipya kinaongeza doa jipya, ndiyo maana kuacha wembe husaidia madoa kuliko chochote utakachopaka. Wifi yangu aliuziwa mkorogo wa kung'arisha mapaja na jirani yake sokoni Tukuyu. Hakuna aliyeweza kumwambia una nini ndani, na vingi vya aina hiyo hubeba steroidi ile ile, haidrokwinoni au zebaki. Nilimwambia amrudishie mwenyewe, na kama hela hairudi, iende.