Kinyongo si chuki: kwa wadogo zangu wanaoanza kutafsiri

Wiki hii, hapa Bukavu, nimesoma tafsiri tatu za Kifaransa ambamo «kinyongo» kimegeuzwa kuwa chuki. Wadogo zangu, siwezi kunyamaza, kwa kuwa kosa hilo nililifanya kabla yenu. Naanza na neno jingine linalopotoshwa vivyo hivyo, kisha nifike kwenye kinyongo chenyewe.

1. Pole. Msiiweke kwa neno la kuomba radhi, maana msomaji wa Kifaransa atadhani mwandishi anakiri kosa. Elezeni tu kwamba anamhurumia mwenzake katika uchovu au msiba wake.

2. Kinyongo. Mama mmoja wa Kadutu aliniletea ujumbe wa kumpelekea binti wa marehemu dada yake, aliyekulia Ubelgiji asijue Kiswahili: «Mwanangu, nina kinyongo nawe tangu matanga ya mama yako. Njoo tuongee.» Niliandika neno la Kifaransa la chuki kwa sababu lilikuwa fupi na lenye nguvu, na sikumuuliza mama lolote. Binti akasoma kwamba mama yake mdogo anamchukia tangu siku ya mazishi, na ule mwaliko wa kuongea ukamfikia kama wito wa kwenda kuhukumiwa. Alijibu mstari mmoja: asiandikiwe tena. Mama alirudi na simu mkononi, akaniomba nimsomee kwa Kiswahili nilichokuwa nimeandika. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema: «Mimi simchukii. Ningemchukia, nisingemwambia.»

Hapo ndipo nilipolielewa neno ambalo nimelisema tangu utoto. Mwenye chuki hutaka mwenzake aumie, lakini mwenye kinyongo ndiye aliyeumizwa, akayaweka moyoni bila kusema. Siku anapomwambia mhusika, tayari ameanza kukitoa. Tuliandika upya. Safari hii nililiacha neno «kinyongo» lilivyo, na kando yake nikaongeza: uchungu wa mtu uliyemkosea, anaoutunza moyoni mpaka mtakapoongea. Majuma yalipita bila jibu, kisha binti akauliza: «Hicho kinyongo, nilikisababisha kwa lipi?» Sentensi yote ilikuwa ya Kifaransa, isipokuwa neno hilo moja.

3. Kubakiza neno au kulieleza. Hapa nililibakiza kwa sababu ujumbe wote uliegemea juu yake, na wawili hao wangelihitaji tena katika mazungumzo yao. Lakini mtu akiandika kwa kupita tu kwamba shemeji yake ana kinyongo kidogo na jirani, wekeni maelezo peke yake, kwani neno geni lingemsimamisha msomaji mahali pasipo na jambo. Maelezo yasizidi mstari mmoja. Yakirefuka, msomaji anawasikia ninyi badala ya mama. Na kabla ya kutuma, msomeeni mwenye ujumbe, kwa Kiswahili, kile mlichoandika kwa Kifaransa, mkimtazama usoni. Mama yule angenisahihisha siku ya kwanza.