Nguo sita za ofisini, mionekano kumi na miwili

"Bajeti yangu ni ndogo. Ninunue nguo zipi ili nisionekane nimerudia kila siku?"

Anza na suruali nyeusi, sketi ya kijivu na blauzi tatu: nyeupe, samawati na ya mistari myembamba. Hapo una mionekano 6. Ongeza koti la damu ya mzee, inakuwa 12.

Hesabu hiyo inasimama iwapo kila blauzi inakubaliana na suruali na sketi pia. Blauzi ya maua inayokwenda na sketi tu inakupunguzia miwili. Koti jeusi nisingelichukua: weusi wa vitambaa viwili hutofautiana, na kwenye mwanga wa jua huonekana kama suti iliyopauka nusu. Pesa nyingi weka kwenye suruali, maana itavaliwa mara nyingi kuliko blauzi yoyote.