Milinganyo minne ya Maxwell na kapasita inayochajiwa

*"Naomba maana ya sheria nne za sumakuumeme kwa integrali. Mkondo unapitaje katikati ya kapasita?"*

Sheria ya Gauss, ∮E·dA = Q/ε₀, inaeleza kwamba jumla ya uga wa umeme unaotoka katika uso uliofungwa huamuliwa na chaji iliyo ndani tu, na ∮B·dA = 0 inaeleza kwamba ncha ya sumaku haipatikani peke yake. Kwa Faraday, ∮E·dl = −dΦ_B/dt, uga wa sumaku unaobadilika huzalisha uga wa umeme unaozunguka, hata pasipo waya.

Sheria ya nne ni ya Ampère: mchangiaji mmoja aliyejibu swali hili aliiandika ∮B·dl = μ₀I, naye amepatia nusu, kwa kuwa hiyo inatosha pale tu mkondo usipobadilika wala chaji kurundikana. Chukua kapasita inayochajiwa kwa ampea 2, uzungushe kitanzi kwenye waya wake: uso bapa wa kitanzi hicho unapitiwa na ampea 2, lakini uso uliotuna kama mfuko hadi katikati ya mabamba haupitiwi na chaji yoyote, ilhali kitanzi ni kile kile. Ndiyo maana Maxwell aliongeza μ₀ε₀ dΦ_E/dt. Kwa kuwa katikati ya mabamba Φ_E = Q/ε₀, basi ε₀ dΦ_E/dt ni dQ/dt, yaani ampea 2 zile zile, na sentimita 5 kutoka kwenye waya mrefu ulionyooka B ni maikrotesla 8 kwa uso wowote utakaouchagua.

Hakuna chaji inayovuka pengo. Iwapo uga huo unaobadilika "huzalisha" B au huambatana nayo tu, wanafizikia bado wanabishana.