Hojaji ya wanunuzi Moshi mjini: nimsimamishe nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nataka kujua wanunuzi wa katikati ya mji wa Moshi wanatoka wapi. Nimepanga kusimama mlangoni mwa Soko la Kati Jumamosi asubuhi, nihoji watu 200 watakaokubali. Swali la kwanza ni "Unatoka wapi?" Inatosha?

Jibu: Marahaba. Hao 200 wanatosha, ila usiwachague wewe. Ukiachiwa uhuru utawafuata wenye sura ya upole na wasio na mizigo, na mama aliyebeba tenga la ndizi atapita bila kuulizwa. Chora mstari wa chaki chini, kisha hesabu watu wazima wanaouvuka kwa dakika 10. Wakiwa 60, na wewe unaweza kuhoji wawili kwa muda huo, basi msimamishe kila wa 30, awe nani awe. Akikataa, andika kuwa amekataa, uendelee kuhesabu hadi wa 30 mwingine. Usimdake aliye nyuma yake. Kazi hii inataka watu wawili, maana huwezi kuhoji huku unahesabu.

Rudia jioni na siku ya kazi, na uweke kituo kingine Mbuyuni na kimoja karibu na stendi. Jumamosi asubuhi peke yake haikuonyeshi wafanyakazi wanaonunua wakirudi nyumbani.

Jambo linalowaponyoka wengi ni hili: ukisimama njiani unakamata safari, si watu. Anayekuja kila siku ana nafasi nyingi za kukutana nawe kuliko anayeshuka kutoka Marangu mara moja kwa wiki. Tuseme umehoji 40: 20 wa mjini wanaokuja mara 6 kwa wiki, na 20 wa vijijini wanaokuja mara 1. Kwa safari, ni nusu kwa nusu. Kwa watu, gawa kila kundi kwa idadi ya safari zake: 20 ÷ 6 ni kama 3.3, na 20 ÷ 1 ni 20. Ghafla wa vijijini ni asilimia 86 hivi. Majibu yote mawili ni sahihi, mradi useme unazungumzia lipi.

Ndiyo maana hojaji lazima iwe na swali hili: "Ukiacha leo, siku sita zilizopita umekuja kununua vitu hapa mjini mara ngapi?" Jumlisha 1, ndipo ugawe. Usiulize "Huwa unakuja mara kwa mara?", kwani kila mtu ana "mara kwa mara" yake.

Na hilo "Unatoka wapi?" litakuangusha. Mchaga aliyezaliwa Rombo na kuishi Majengo miaka 20 atakujibu Rombo bila kusita. Uliza: "Usiku wa kuamkia leo umelala wapi?" Kisha: "Umetokea huko moja kwa moja?" Wajaribu watu kumi kwanza kabla hujapeleka karatasi kudurufiwa.